Jedwali kwanza, maswali baadaye: tulivyotunga mtihani wa Sayansi wa ujirani mwema

Mtihani wa ujirani mwema katika kata yetu ulikuwa ukitungwa kwa mtindo ambao walimu wengi wa shule za msingi wanaujua. Kila shule inaleta maswali ya somo husika, yanarundikwa mezani, mwalimu mmoja anachagua yanayompendeza mpaka idadi itimie, kisha karatasi inapelekwa kuchapwa. Nilikabidhiwa karatasi ya Sayansi na Teknolojia ya Darasa la Sita kwa sababu ya ugomvi. Mwalimu mmoja alikuwa amekaa na wanafunzi wake muda mrefu kwenye umeme, wakiunganisha betri na balbu za tochi kwa mikono yao, halafu mtihani ulipokuja umeme haukuonekana kabisa. Shule iliyoongoza ilikuwa ile iliyowakaririsha watoto orodha ya magonjwa na dalili zake. "Mwalimu, mimi nilifundisha bure," aliniambia, na sikuwa na la kumjibu.

Kabla ya kutunga chochote nilichukua karatasi ile ya zamani na kalamu nyekundu. Pembeni mwa kila swali niliandika mada linakotoka na aina ya fikra linayoidai. Kati ya alama 50, alama 17 zilitoka kwenye afya na magonjwa, mada iliyofundishwa kwa vipindi sita tu muhula mzima. Umeme na sumaku, yenye vipindi 15, ilipata alama nne. Na alama 38 zilihitaji kukumbuka tu: taja, chagua jina, ugonjwa fulani huenezwa na nani.

Sidhani kama kuna mtu aliyekusudia hivyo. Swali la malaria unalitunga ukiwa umesimama kwenye korido, lakini swali la saketi linataka rula, mchoro, na dakika kadhaa za kujiuliza kama jibu ni moja kweli. Basi kila mwalimu alileta yaliyo rahisi kutunga, mchaguaji akachagua yaliyo rahisi kusahihisha, na karatasi ikafuata urahisi wetu badala ya kufuata kilichofundishwa. Kama unataka kumshawishi mkuu wa shule au afisa elimu kata kwamba jedwali la utahini, yaani jedwali linalogawa alama za mtihani kwa mada na kwa ngazi za kufikiri, linahitajika, usimwendee na nadharia. Mpelekee karatasi ya mwaka jana iliyowekwa alama za kalamu nyekundu namna hiyo.

Tulianza na safu ya kushoto ya jedwali, yaani mada na uzito wake. Fomati za Baraza la Mitihani zina jedwali la utahini, lakini zinahusu mitihani ya kitaifa. Mtihani wa muhula lazima ujitengenezee la kwake. Kipimo tulichotumia ni vipindi vilivyopangwa katika azimio la kazi. Jumla ilikuwa vipindi 60, na karatasi ni ya alama 50, kwa hiyo unagawanya vipindi vya mada kwa 60 na kuzidisha kwa 50. Mazingira na viumbe hai vipindi 12, alama 10. Umeme na sumaku vipindi 15, alama 12.5. Mashine rahisi vipindi tisa, alama 7.5. Mifumo ya mwili vipindi 12, alama 10. Afya na magonjwa vipindi sita, alama tano. Majaribio ya kisayansi vipindi sita, alama tano.

Hapo palizuka ubishi juu ya nusu alama, na haukuwa ubishi wa kijinga. Nusu ya umeme na nusu ya mashine haziwezi kupanda zote mbili, karatasi ingekuwa na alama 51. Mwalimu wa shule moja alitaka mashine ipande kuwa nane kwa sababu ndiyo mada yenye hesabu. Tuliamua umeme upande hadi 13 na mashine ishuke hadi saba, kwa hoja kwamba nusu alama iliyopotea kwenye mada kubwa au ndogo ni ileile, ila umeme ulikuwa na vipengele vingi zaidi vya kugusa. Ungeweza kuamua kinyume na usingekosea. Muhimu ni kwamba uamuzi huo ufanyike kabla maswali hayajaonekana, kwa sababu yakishaonekana kila mtu atatetea swali lake.

Jambo lililotuumiza kichwa zaidi ni shule ambayo haikuwa imeifikia mada ya mashine rahisi. Ukiitoa mada, unawaadhibu waliofundisha kwa wakati. Ukiiacha, watoto wa shule ile wanapoteza alama saba kwa kosa lisilo lao. Tuliiacha, kwa kuwa azimio la pamoja lilionyesha ilipaswa kuwa imekwisha, lakini tukawapa walimu wote safu ya mada na alama zake mapema. Tulitoa safu hiyo tu. Mgawanyo wa ndani, yaani ni alama ngapi za kukumbuka na ngapi za kutumia katika kila mada, ulibaki kwa watunzi. Gharama yake ipo: nilisikia baadaye kwamba kuna mwalimu aliona afya ina alama tano tu akaiacha kabisa kwenye marudio. Hata hivyo ningetoa tena. Mtihani ambao mwalimu hajui hata uzito wa mada zake huishia kuwa bahati nasibu.

Safu za juu ni ngazi za kufikiri. Chuoni wote tulifundishwa ngazi sita za Benjamin Bloom, zilizotoka mwaka 1956 na kupangwa upya mwaka 2001: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Kwa mtihani wa Darasa la Sita wenye maswali mengi ya kuchagua, ngazi sita ni nyingi mno. Tungetumia mchana kutwa kubishana kama swali ni la kuchambua au la kutathmini, na mtoto hafaidiki chochote na ubishi huo. Tukabaki na tatu: kukumbuka, kuelewa, na ya tatu inayobeba kutumia na kuchambua pamoja. Tuligawa alama 15, 20 na 15, yaani asilimia 30, 40 na 30.

Ukizidisha kila mada kwa asilimia hizo kama mashine unapata vipande vya ajabu. Afya na magonjwa, kwa mfano, ingekuwa na alama moja na nusu ya kukumbuka, mbili za kuelewa, na moja na nusu ya kutumia. Mada zenyewe pia hazifanani. Majaribio ya kisayansi ukiyatahini kwa kukariri umeyaua. Kwa hiyo tulitumia hesabu ile kama mahali pa kuanzia, kisha tukahamisha alama kutoka chumba hiki cha jedwali kwenda kile, tukihakikisha jumla za pembeni na za chini hazibadiliki. Hivi ndivyo lilivyotulia:

| Mada | Kukumbuka | Kuelewa | Kutumia na kuchambua | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Mazingira na viumbe hai | 4 | 4 | 2 | 10 |
| Umeme na sumaku | 3 | 5 | 5 | 13 |
| Mashine rahisi | 1 | 2 | 4 | 7 |
| Mifumo ya mwili | 4 | 5 | 1 | 10 |
| Afya na magonjwa | 2 | 3 | 0 | 5 |
| Majaribio ya kisayansi | 1 | 1 | 3 | 5 |
| Jumla | 15 | 20 | 15 | 50 |

Mwenzetu mmoja hakuipenda ile sifuri ya afya. Alitaka kila chumba kiwe na kitu. Tulimwonyesha kwamba kwa alama tano, ukilazimisha swali la kutumia unaishia na hadithi ndefu ya mgonjwa ambayo mwishoni inauliza jina la ugonjwa, na hilo ni kukumbuka lililovishwa koti. Jumla za chini zikishatimia, chumba kitupu hakina tatizo.

Jambo jingine ambalo ningemtahadharisha mtu mapema: vyumbani ingiza alama, usiingize idadi ya maswali. Karatasi yetu ilikuwa na maswali 40 ya kuchagua, alama moja moja, na matano ya majibu mafupi, alama mbili mbili. Swali fupi moja linaweza kuangukia vyumba viwili. Ukiuliza, "Toroli ni nyenzo ya daraja gani? Eleza kwa nini," alama ya kwanza ni ya kukumbuka na ya pili ni ya kuelewa. Ukihesabu maswali tu, jedwali litakuonyesha uwiano ambao haumo kwenye karatasi. Ndiyo maana mwongozo wa kusahihisha uandikwe sambamba na swali. Bila huo hujui alama ya pili inalipia nini.

Kutunga kwenyewe kuligawanywa kwa vyumba. Badala ya kumwambia mwalimu "lete maswali 15 ya Sayansi", unamwambia "lete alama tano za kuelewa katika umeme na sumaku." Ni agizo gumu zaidi na lilileta minong'ono, lakini maswali ya malaria yalikoma siku hiyohiyo.

Kisha ikaja hatua ambayo mimi naiona ndiyo kazi hasa, na ambayo watu wengi huiruka kwa sababu jedwali limeshajaa na linapendeza. Mtunzi anaposema swali lake ni la kuelewa, hiyo ni kauli yake tu. Tulikaa walimu wanne. Mmoja anasoma swali, hakuna anayeonyeshwa lilitoka chumba gani, na kila mtu anaandika kwenye karatasi yake herufi moja: K ya kukumbuka, E ya kuelewa au T ya kutumia na kuchambua. Baadaye tunalinganisha.

Swali moja la umeme lilisema: "Kwa nini nyaya za umeme hufunikwa kwa plastiki?" Mtunzi aliliweka kwenye kuelewa, na ukilitazama juujuu ni kweli, lina "kwa nini". Karatasi zilipofunuliwa, wawili walikuwa wameandika E na wawili K. Nikamuuliza mmoja wa wale wa K sababu yake. "Hilo watoto wangu wanaliimba," alisema. "Liko kwenye daftari, ukurasa wa kwanza wa umeme, neno kwa neno." Mwenzake akafungua daftari la mwanafunzi alilokuwa nalo, na kweli sentensi ilikuwepo. Kwa mtoto yule swali halikudai kuelewa chochote.

Hapo ndipo ilipotukaa kwamba ngazi haimo ndani ya kitenzi. "Eleza" inaweza kuwa kukumbuka, na "chagua" inaweza kudai uchambuzi mzito. Ngazi inategemea kile ambacho mtoto ameshakiona darasani. Ukimpa mfano uleule uliomo kitabuni, umemwomba akumbuke, hata ukiupamba namna gani. Kwa hiyo mezani panatakiwa pawe na kitabu cha kiada na angalau madaftari mawili ya wanafunzi kutoka shule tofauti, ili ubishi uamuliwe kwa kufungua ukurasa.

Swali la plastiki tuliligeuza hivi: "Nyaya mbili ndani ya tochi zimechunika na zinagusana. Ni kitu gani kinafaa kuwekwa kati yake ili tochi ifanye kazi vizuri? A: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. B: kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. C: kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. D: kipande cha bati." Plastiki haimo. Mtoto lazima achukue wazo la kitu kisichopitisha umeme na kulipeleka kwenye mpira, ambao daftari halikuutaja. C iliwekwa kwa makusudi kwa anayedhani kitambaa hakipitishi umeme katika hali yoyote. Safari hii wote wanne waliandika E.

Kwenye mashine rahisi mambo yalikwenda upande wa pili. Swali fupi la alama mbili lilisema: "Asha anainua jiwe lenye uzito wa niutoni 300 kwa kutumia nyenzo. Jiwe liko sentimita 20 kutoka kwenye egemeo, na Asha anasukuma akiwa sentimita 100 kutoka kwenye egemeo. Kokotoa jitihada." Unazidisha 300 kwa 20, unagawa kwa 100, unapata niutoni 60. Alama moja ni ya njia, nyingine ni ya jibu. Mwalimu mmoja aliandika K kwa hoja kwamba watoto wake walikokotoa kumi za aina hiyo. Tulibishana, tukaliacha kwenye T, lakini hoja yake ilitufanya tuongeze jingine la kuchagua lisilo na tarakimu hata moja: mzee ameweka gogo zito kwenye ncha ya mti, anaona halinyanyuki, asogeze egemeo upande gani ili atumie nguvu ndogo? Jibu ni kulisogeza karibu na gogo. Huwezi kulipata kwa kukariri kanuni tu, inabidi uone kinachotokea umbali wa mzigo unapopungua.

Sasa gharama, maana hazisemwi. Maswali ya kutumia na kuchambua ni marefu na yana michoro. Karatasi iliyokuwa kurasa nne ikawa sita, na mchango wa mtihani ulikuwa umeshapangwa na wazazi kwa kurasa nne. Tulipunguza michoro na ukubwa wa herufi. Muda nao ulikuwa saa moja na nusu kwa maswali 45, yaani dakika mbili kwa swali, na hizo zinatosha kama swali ni mstari mmoja. Wasomaji wa polepole hawakumaliza. Baadhi waliacha wazi maswali ya mwisho ya kuchagua, si kwa sababu hawakujua, bali hawakuyafikia, na hapo mtihani wa Sayansi unakuwa umegeuka kuwa mtihani wa kasi ya kusoma. Ukipandisha ngazi za kufikiri, ama uongeze muda ama upunguze maswali. Sisi hatukufanya lolote kati ya hayo.

Wastani wa kata ulishuka. Jiandae kwa hilo na uliseme kwa wakuu wa shule kabla ya matokeo. Mkuu mmoja alituuliza kama tulikusudia kuwafelisha watoto, na jibu lililomtuliza kidogo lilikuwa kumwonyesha matokeo kwa mada. Shule yake ilifanya vizuri kwenye mifumo ya mwili na kuanguka kwenye umeme. Karatasi ya zamani, yenye alama nne za umeme, isingeweza kumwambia hilo.

Tulipokaa na karatasi zilizosahihishwa tukapitia swali moja moja, tuliona jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tukilichanganya. Swali la kimeng'enya kilichomo kwenye mate lilikuwa la kukumbuka tupu, na wachache sana walilipata. La mzee na gogo, la ngazi ya juu, wengi walilipata, hasa watoto wa shule za pembezoni ambao nadhani wameshaona gogo likinyanyuliwa. Ngazi ya kufikiri na ugumu wa swali ni vitu viwili. Ukitaka karatasi yenye maswali mepesi, ya kati na magumu, hilo ni la kupanga kivyake, na jedwali la utahini peke yake halikufanyii kazi hiyo.

Halafu kuna ile saketi. Katika chumba cha umeme, kutumia na kuchambua, tulikuwa na mchoro wa betri, balbu mbili na swichi iliyo wazi. Mtoto alitakiwa kuona kwamba hakuna balbu itakayowaka. Mchoro ulipopunguzwa na kupitishwa fotokopi mara mbili, wino ulijaza ule mwanya mdogo na swichi ikaonekana imefungwa. Watoto walioandika kwamba balbu zote zitawaka walikuwa sahihi kwa mchoro waliouona. Mwalimu aliyekuwa akisahihisha rundo la kwanza ndiye aliyeshtuka, baada ya kuona watoto wazuri wote wamekosa swali lilelile. Ilibidi tumpe kila mtoto alama hiyo, na maana yake ni kwamba chumba kilichoandikwa tano kilipima nne. Kwenye karatasi iliyofuata tuliichora swichi ikiwa imeinuka kabisa, tukaandika pembeni yake "imezimwa", na jedwali tukaanza kulijaza mara mbili: mara ya kwanza wakati wa kupanga, na mara ya pili kwa kuhesabu kutoka kwenye nakala ileile atakayopewa mtoto.